Papa wa depo haiko mwizi: zaire mbili ndani ya inchi moja, 1993–1998

Wiki hii niliahidi kuandika juu ya mahindi, na nitaandika juu ya mahindi, lakini kwa kupitia njia ya feza. Mtanisamehe. Mimi ni mtu wa agronomi, siyo wa ekonomi, na kilichonisukuma kusoma hizi habari ni aibu niliyoipata mwenyewe mbele ya watu.

Ilikuwa mwezi wa nne. Hapa kwetu Katanga mwezi wa nne ni wakati mahindi yanaanza kutoka mashambani, na beyi ya meka inatakiwa kushuka. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua hivyo. Sasa ile wiki dola ilikuwa imepanda ghafla, na asubuhi moja depo moja ya mtaani kwetu ikapandisha unga. Niliwaza hivi: ule unga ulikuwa mle ndani tangu wiki iliyopita, niliuona kwa macho yangu ukishushwa kwenye kamio. Ulinunuliwa kwa beyi ya zamani. Kumbe huyu papa anatuibia. Nikasema kwa sauti, na kwa sababu watu wananiita Enjenyere, batu wakanisikiliza. Tulikuwa karibu kumi na tano. Mmoja akaanza kuongea habari ya kuvunja mlango.

Papa wa depo hakukasirika. Akasema tu: «Enjenyere, miye siuzishe na beyi ya jana. Minauzisha na beyi ya kesho. Kama minauzisha na ya jana, kesho nitaenda kununua na nini?»

Watu wakacheka, hasira ikapungua, kila mtu akanunua alichoweza. Mimi nilirudi nyumbani na lile jibu kichwani, na jioni nikamwelezea mjomba wangu. Mjomba ndiye mtu aliyenifungua macho. Kwake chini ya kitanda kuko sanduku la bati lenye noti za zaire ya zamani, zile za 100,000 na 500,000, zimefungwa na nyuzi za nailo. Tangu utoto wetu tulijua ni takataka, tulikuwa tunachezea benki nazo. Siku ile alilivuta lile sanduku na kuniambia: «Mwipwa, hii yote uliona ni makaratasi. Kufika 1998 hii ilikuwa inanunua mahindi Mwene-Ditu. Ile mupya, ya Leta, njo ilikuwa makaratasi.»

Hiyo hadithi ndiyo ninataka kuwapa leo. Lakini kwanza tumalize na papa wa depo, juu bila hesabu yake hatutaelewa zaire.

Chukua mfano. Mtu ako na mifuko 10 ya unga, kila mmoja aliununua 40,000. Ametoa 400,000. Anauza 44,000, anapata 440,000. Kwenye karatasi amepata faida ya 40,000. Anarudi kwa mkubwa wake kujaza depo, anakuta mfuko ni 55,000. Na ile 440,000 anapata mifuko 8. Alikuwa na 10, leo ako na 8, na daftari linamwambia kwamba amepata faida. Akifanya hivyo mara nne, depo inafungwa na daftari bado linacheka.

Kwa hiyo anajifunza. Siku atakaposikia kwamba mfuko utakuwa 55,000, hangoji ufike pale. Anauza 60,500 leo hii, mifuko 10 inamletea 605,000, anarudi kununua 11. Sasa ameokoa depo yake. Lakini tazama kilichotokea: beyi ya mtaani imefika 60,500 mbele ya beyi ya mkubwa kufika 55,000. Na yule mkubwa ako na simu. Anasikia kwamba mtaani batu wananunua 60,500, naye anajiuliza kwa nini aendelee kutoa kwa 55,000. Mlimaji kule kijijini naye anasikia, anaficha gunia, anangoja. Kila mmoja katika huu mnyororo amefanya kitu cha akili. Hakuna mwizi. Lakini wote pamoja wameleta ile beyi waliyokuwa wanaogopa.

Upande wa mnunuzi kuko jambo lingine, na hili ni gumu kidogo kuliona. Waza kijiji chenye noti mia moja na meka mia moja za mahindi kwa juma. Kwa kawaida nusu ya noti zinalala: chini ya godoro, ndani ya chupa, kwa feza ya shule ya mtoto. Zile zinazotembea ndizo zinakutana na mahindi. Siku watu wanaamini kwamba juma lijalo meka itapanda mara mbili, nani ataacha noti ilale? Wote wanatoka na noti zao siku moja. Mahindi hayajaongezeka. Noti nazo hazijaongezeka hata moja. Lakini zinazokimbia sokoni ni mara mbili, na beyi inapanda mara mbili. Serikali haikuchapisha kitu. Ni godoro lilifunguliwa tu.

Mmarekani mmoja, Phillip Cagan, aliandika juu ya hii mwaka 1956, akichunguza mifumuko saba mikubwa ya beyi kule Ulaya, ya Ujerumani, Austria, Hungaria na wengine. Alichokikuta ni kwamba kadiri watu wanavyotarajia beyi kukimbia, ndivyo wanavyokataa kushika feza, na ile kukataa ndiyo inafanya beyi ikimbie kuliko hata mashine ya kuchapisha. Anasema pia kwamba watu wanajifunza kutoka yaliyopita: waliyoyaona mwezi uliopita ndiyo wanayoyangoja mwezi ujao. Nilipoisoma nilimwona papa wa depo kabisa.

Sasa twende Zaire.

Zaire kama feza ilizaliwa mwezi wa sita 1967, na siku ile zaire moja ilikuwa dola mbili. Sitasimulia miaka yote ya katikati, wazee wenu wanaijua. Tuanze 1990. Mwezi wa tano mauaji ya wanafunzi kwenye chuo kikuu cha Lubumbashi, wafadhili wengi wakafunga mkono. Mwezi wa tisa mgodi wa Kamoto ukaporomoka kule Kolwezi, na shaba, ambayo ilikuwa sahani ya serikali, ikaanza kuisha. Serikali ilikuwa na waalimu, askari na wakubwa wa kulipa, na kodi haikuingia. Ikabaki njia moja: Banki ya Zaire ichapishe.

Hapa niseme wazi, kwa sababu kuko wale watakaosoma nusu na kusema kwamba ninaondolea Leta kosa. Chanzo kilikuwa noti. Mama wa soko hawezi kuanzisha mfumuko wa beyi wa elfu kwa mia kwa sababu ya mawazo yake tu. Mwaka 1991 beyi zilipita 2,000 %, na 1992 zilipita 4,000 %. Yaani kitu cha zaire mia mwanzoni kinadai zaire elfu nne na zaidi kiisha mwaka. Hiyo haitoki kwenye ndoto.

Lakini hapa njo kuna fumbo ambalo linafanya ile miaka ifundishe. Noti zilikuwa zinaongezeka kwa kamio nzima, lakini ukijumlisha noti zote za inchi na kuuliza zinaweza kununua dola ngapi au mahindi ngapi, jibu lilikuwa linapungua. Noti nyingi zaidi, na zote pamoja zinanunua kidogo zaidi. Maana yake beyi zilikuwa zinakimbia mbele ya mashine ya kuchapisha. Kilichowekwa hapo katikati ni mategemeo ya watu.

Mjomba wakati ule alikuwa kijana, anabebesha mahindi kwa treni. Anakumbuka mwalimu jirani yao aliyekuwa akipokea mshahara saa nne: bibi yake alikuwa akingoja mlangoni pa shule na kikapu, watoto wawili wamesimama kwenye mstari wa unga kumshikia nafasi. Mshahara haukulala ndani ya nyumba hata usiku mmoja. Asiyekuwa na haja ya unga alinunua chumvi, sabuni, msumari, kitu chochote kisichooza, juu msumari hauchapishwi. Baba yangu mwenyewe, na hili silisemi kwa kumcheka, aliuza kiwanja 1991, akaweka feza pembeni angoje kununua kingine kilicho karibu na barabara. Aliingojea miezi mitano. Kwa ile feza alinunua baiskeli, na haikuwa mpya. Mpaka leo ukitaja kuweka akiba ya franka nyumbani kwetu, baba anatoka inje.

Halafu ikaja noti ya milioni tano. Ilitolewa kwenye mwisho wa 1992. Waziri mkuu wakati huo, Étienne Tshisekedi, aliyetoka kwenye Konferansi Kuu ya Taifa na aliyekuwa kwenye vita ya wazi na Mobutu, akatangaza kwamba noti ile si halali, watu wasiipokee. Mwezi wa kwanza 1993 askari wa Kinshasa wakalipwa nayo. Walipoenda sokoni, wafanyabiashara wakakataa. Fikiri juu ya hiyo: noti ya kweli, imetoka banki kuu, imeshikwa na mtu mwenye bunduki, na mama wa mkate anasema hapana. Thamani yake ilikuwa imebaki kama dola mbili hivi, lakini haikuwa hesabu ya dola iliyoiua. Mama wa mkate alijiuliza swali moja tu: mwenye unga ataipokea kesho? Akaamini kwamba hataipokea. Na kwa kuwa wote waliamini hivyo, haikupokelewa. Askari wakaanza kupora tarehe 28, mamia ya watu wakafa ndani ya siku chache, na balozi wa Ufaransa pia alipigwa risasi na kufa.

Tarehe 22 mwezi wa kumi ile ile 1993, serikali nyingine, ya Birindwa aliyewekwa na Mobutu, ikaleta zaire mpya. Milioni tatu za zamani zinakuwa moja mpya. Dola ikawa karibu zaire mpya 3. Zilichapishwa hata noti ndogo za makuta, kama vile inchi imerudi 1967. Kwa macho ilipendeza. Lakini mashine ya kuchapisha ilikuwa ile ile, mikono ile ile, deni lile lile. Watu walijua. Ndiyo maana kufuta sifuri hakuponyeshi kitu: sifuri zinafutwa kwenye karatasi, kwenye kichwa cha mtu hazifutwi.

Na sasa Kasai.

Mikoa miwili ya Kasai ilikataa zaire mpya, kama vile ilikuwa imekataa milioni tano. Kwanza ilikuwa siasa. Tshisekedi ni mtoto wa kule, na zaire mpya ilionekana kama kitu cha kumfukuza. Kulikuwa pia na kidonda kibichi: miezi ile watu wenye asili ya Kasai walikuwa wamefukuzwa hapa Katanga na kujazwa kwenye treni, na wengi walifia njiani. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kupokea karatasi ya serikali. Basi Mbuji-Mayi, Kananga, Mwene-Ditu, wakaendelea na zaire ya zamani. Mpaka mwaka 1998. Inchi moja, serikali moja, reli moja, na feza mbili.

Mtafiti akitaka kujua kama mbolea inafanya kazi anagawa shamba mara mbili: udongo mmoja, mbegu moja, mvua moja, mbolea upande mmoja tu. Historia haitupatii mashamba ya namna hiyo mara nyingi. Hapa ilitupatia karibu.

Mjomba alivuka mpaka ule mara nyingi kati ya 1994 na 1997, akitoka upande wa Kamina na mahindi, akienda Mwene-Ditu. Alishonewa mifuko miwili ndani ya suruali. Mfuko wa kulia ulikuwa wa zaire mpya, wa kushoto wa zaire ya zamani. Anasema hakuhitaji kufikiri, mikono ilijifunza. Alipouza Mwene-Ditu alipata za zamani, na hakuwa na haraka: alilala usiku mbili, tatu, akanunua mafuta ya ngazi na sabuni pole pole. Akirudi upande wa Katanga, kila alichopata kwa zaire mpya alikigeuza siku ile ile, mbele ya jua kuzama. «Mtu ni mmoja, mwipwa. Upande huu nina akili ya mtu muzima, upande huu ninakimbia sawa mwizi.»

Tufanye hesabu, ni fupi. Tarehe 30 mwezi wa sita 1998 serikali ya Laurent-Désiré Kabila ikatoa franka ya Congo, na ikabidi ikusanye zote mbili. Franka moja ilibadilishwa kwa zaire mpya 100,000. Na kwa watu wa Kasai, franka moja kwa zaire za zamani milioni 14.

Rudi kwenye sheria ya 1993. Mpya moja ilikuwa za zamani milioni tatu. Kwa ile sheria, zaire mpya 100,000 zingekuwa za zamani bilioni 300. Lakini Kasai walihitaji milioni 14 tu. Gawa: karatasi ya zamani ilikuwa imebaki na nguvu mara elfu 21 na zaidi kuliko ile sheria ilivyosema. Ukipenda kupima kwa dola, franka ilianza kwa 1.38 kwa dola moja. Basi upande wa zaire mpya dola ilitoka 3 ikafika 138,000, mara 46,000. Upande wa Kasai ilitoka karibu milioni 9 ikafika karibu milioni 19. Mara mbili na kidogo. Ndani ya miaka karibu mitano! Kuko inchi tajiri ambazo hazingeona haya na hesabu ya namna hiyo.

Je, Kasai walikuwa na serikali nzuri zaidi? Hapana. Barabara nzuri? Waulize. Kilichokuwa tofauti ni kwamba hakuna mtu aliyeweza kuchapisha zaire ya zamani tena. Noti zilizokuwepo ndizo zilizokuwepo, zikichakaa, zikishonwa na karatasi ya gundi. Na kila mtu alijua kwamba hazitaongezeka. Hili la pili, la kujua, ndilo lenye uzito. Mama wa soko Mwene-Ditu alipopanga beyi ya kesho, hakuwa na sababu ya kuweka juu yake woga wa kesho. Kwa hiyo mnunuzi hakuwa na sababu ya kukimbia. Kwa hiyo noti zililala. Kwa hiyo beyi ikatulia, na kutulia kwake kukamthibitishia yule mama kwamba alifikiri vizuri. Ule ule mnyororo wa depo, lakini unazunguka kwa upande mwingine.

Upande wetu ulizunguka vibaya mpaka mwisho. Zaire mpya iliyoanza na noti za makuta ilifika 1996 na noti ya milioni moja. Wakati Mobutu alikuwa anatibiwa ugonjwa wake Ulaya, watu waliita zile noti kubwa «prostati», kwa sababu zilikuwa zimevimba. Hapa tunacheka hata tukilia.

Nisizidishe sifa ya Kasai. Kule biashara ya almasi ilikuwa inaleta dola, na dola ilibeba kazi nyingi kubwa. Zaire ya zamani ilibaki kwa kazi ya kila siku. Feza isiyoweza kuongezeka ina shida yake pia: inchi nzima haiwezi kuishi na mfuko wa noti unaooza. Na imani ya Kasai haikusimama hewani, ilisimama juu ya jambo la kweli, kwamba mashine imezimwa. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema redioni kwamba tatizo la beyi ni «mawazo ya watu», kwamba wafanyabiashara wakipenda inchi beyi itashuka. Kasai hawakupendeza beyi kwa uzalendo. Waliangalia nani anashika mashine.

Tulikuja kuona hivyo tena kwa franka yenyewe. Ilianza vizuri, kiisha mwezi wa nane 1998 vita ikawaka, serikali ikarudi kuchapisha, na kufika 2000 mfumuko ulikuwa umepita 500 %. Halafu 2001 serikali ikabana matumizi, banki kuu ikaacha kuijazia serikali mashimo, na mwezi wa tano kiwango cha dola kikaachwa huru kifuate soko. Mwaka 2002 mfumuko ulikuwa chini ya 30 %. Kutoka mia tano mpaka hapo, kwa muda mfupi kiasi hicho. Kama beyi zingekuwa ni noti za zamani tu zilizokwisha kuchapishwa, isingeshuka haraka hivyo. Ilishuka kwa sababu watu waliona mkono umetolewa kwenye mashine, wakaacha kuweka woga wa kesho ndani ya beyi ya leo.

Lakini hawakuacha wote, na hawakuacha yote. Nyumba ya kupanga Lubumbashi mpaka leo inahesabiwa kwa dola. Masomo ya watoto, kiwanja, gari, mahari hata, ni dola. Ni baba yangu na baiskeli yake, mara milioni nyingi. Na kwa sababu kila kitu kikubwa kinapimwa kwa dola, ile bango la kambisti pale kona ndilo limekuwa gazeti la beyi. Linaposogea, batu hawaulizi kwa nini. Wanasogea nalo.

Hapo ndipo nimepata njia ya kutenganisha, nami ninaitumia kazini. Beyi ikipanda, ninaangalia sombe. Sombe haitoki inje, haina dola ndani yake, haina hata mafuta mengi ya kamio kama inalimwa nyuma ya nyumba. Kama mafuta na sukari vimepanda na sombe imebaki, hiyo ni gharama ya kweli ya kuleta vitu. Kama sombe nayo imepanda asubuhi ile ile na bango la kambisti, hiyo ni kesho imeingia sokoni. Na mahindi: mwezi wa pili yakipanda, ni shamba, stoki imeisha. Mwezi wa nne yakipanda na mifuko inashuka kwenye kamio mbele yako, usitazame shamba. Si kipimo kamili, mvua mbaya au barabara iliyokatika inaweza kukudanganya, lakini kimenisaidia kuliko hasira.

Mwaka huu ushirika wa walimaji ninaofuatana nao ulikuwa na ugomvi ule ule. Walikuwa wamekopa mbegu na mbolea kwa mtu mmoja wa mjini, kwa franka, kulipa wakati wa mavuno. Yule mtu ameweka juu yake nyongeza kubwa, na walimaji wanamwita mnyonyaji. Nilikaa naye. Ametazama miezi sita mbele, hajui dola itakuwa wapi, akaweka woga wake wote ndani ya beyi. Walimaji nao wameogopa vilevile, wameapa kuficha mahindi mpaka mwezi wa kumi. Nikapendekeza kitu ambacho mjomba angekielewa bila lisansi: deni lihesabiwe kwa mifuko. Mfuko mmoja wa mbolea, mifuko kadhaa ya mahindi makavu, tarehe imeandikwa, unyevu unapimwa mbele ya wote. Yule mtu alishusha nyongeza yake karibu nusu palepale, kwa sababu hakuwa tena na haja ya kukisia dola. Walimaji wawili wamekataa kutia sahihi. Wanasema mahindi yakipanda sana watakuwa wametoa bure. Wako na haki ya kuwaza hivyo, na tutaona mwezi wa tano.

Papa wa depo nilimrudilia. Nilimuomba samahani mbele ya watu wawili watatu, juu nilimtukana mbele ya kumi na tano. Akanipimia meka yangu, akajaza mpaka kilima kikasimama juu yake, halafu akanidai beyi ya kesho.